Oveni Isiyo na Namba: Pima Joto Palipo na Keki

Maelekezo ya keki karibu yote huanza na agizo moja: washa oveni nyuzi 180. Unakwenda jikoni, unakuta swichi ya oveni ina picha ya moto mdogo upande mmoja na moto mkubwa upande wa pili, basi. Au ni jiko la mtumba lililokuja na namba zake, lakini miaka ya kusuguliwa kwa stilwaya imezifuta zote. Wengi hapo huzungusha swichi hadi katikati, husubiri dakika tano, huingiza keki na kumwachia Mungu. Ikitoka imeungua kitako na uso bado mweupe, lawama zinakwenda kwa unga, kwa mayai, au kwa aliyetoa maelekezo.

Oveni ya namna hiyo inasomeka, na inasomeka kwa vitu vilivyomo kabatini: sukari nyeupe, unga wa ngano na mkate wa slesi. Joto linaloivisha keki ni lile la pale chombo kilipokaa. Hata oveni yenye namba safi kabisa inaweza kuonyesha 180 huku kwenye wavu wa katikati kuna 160, au 200. Kwa hiyo mwenye swichi tupu hajapungukiwa sana kama anavyodhani. Anachotakiwa kufanya ni kupima mara moja kwa utulivu, aweke alama zake mwenyewe, na tangu hapo swichi yake itamwambia ukweli kuliko nyingi zenye namba.

Kwanza ujue oveni yako ni ya aina gani. Kuna zenye themostati, yaani kifaa kinachohisi joto la ndani na kupunguza moto chenyewe likifika pale ulipolipangia. Za umeme karibu zote zinayo, na baadhi ya za gesi. Nyingine za gesi hazina: swichi inafungulia gesi nyingi au kidogo tu, sawa na swichi za majiko ya juu. Kuzitofautisha si kazi. Washa oveni, ikishapamba moto weka swichi katikati, funga mlango, kisha chungulia moto kupitia kioo au matundu ya sakafuni. Rudi baada ya dakika 20 hivi. Ukikuta moto umejinywea wenyewe bila wewe kugusa kitu, una themostati. Ukiukuta na urefu uleule, huna. Kwa oveni ya umeme angalia kitaa kidogo chekundu au cha machungwa kilicho karibu na swichi: kwa kawaida kinawaka wakati waya za moto zinafanya kazi, na kinazimika joto likifika.

Nitakaa zaidi kwenye ile ya gesi isiyo na themostati, kwa sababu ndiyo inayosumbua. Oveni hii haina kiwango inachofika ikasimama kwa kuambiwa. Joto linapanda mpaka kile kinachoingia kutoka kwenye moto kilingane na kile kinachotoroka kupitia kuta, mlango na tundu la moshi. Hapo ndipo linapotulia. Moto mdogo hutulia kwenye joto la chini, moto mkubwa kwenye joto la juu, na kila mahali unapoiweka swichi pana kiwango chake. Kutulia huko huchukua muda, mara nyingi karibu nusu saa. Ndiyo maana anayepasha oveni kwa dakika tano haoni matokeo yanayofanana hata akiweka swichi palepale kila siku. Keki inaingia joto likiwa bado linapanda, na linaendelea kupanda keki ikiwa ndani.

Kupasha oveni kabla kuna sababu yake ndani ya keki yenyewe. Mchanganyiko una viputo vya hewa ulivyovipiga kwa mwiko, pamoja na gesi inayotolewa na bekingi pauda. Joto likiupata upesi, viputo vinatanuka, na muda si mrefu mayai na unga vinaganda kuvizunguka na kuvishikilia. Joto likija polepole, siagi inayeyuka mapema, mchanganyiko unalegea, na viputo vinapanda na kutoroka kabla hakijaganda chochote cha kuvizuia. Keki inatoka bapa, nzito, yenye utepe wa mafuta chini. Tena katika dakika hizo za mwanzo moto uko chini kwa nguvu zake zote wakati hewa ya juu bado ni ya uvuguvugu, ndipo kitako kinapoungua na uso ukabaki umepauka. Ukiona dalili hizo mbili pamoja, kabla hujabadilisha chochote kwenye vipimo, jiulize ulipasha oveni muda gani.

Utaratibu ninaoupendekeza ni huu. Toa kila kitu kilichomo ndani: sufuria, makaango, trei za akiba. Najua oveni nyingi zimegeuka kabati, lakini vyuma vile vinanyonya joto na kuziba njia ya hewa. Panga nyavu mahali zitakapokaa oveni ikiwa bado ya baridi. Fungua mlango wazi kabisa kabla ya kuwasha, na kiberiti kiwake kwanza ndipo gesi ifunguliwe. Moto ukikataa au ukizimika, funga gesi, acha mlango wazi dakika tano mpaka harufu iishe, ndipo ujaribu tena. Ukishawaka sawasawa, funga mlango, weka moto mkubwa kwa dakika 10, kisha ushushe hadi pale unapotaka kuokea na usubiri dakika nyingine 15. Zile 10 za kwanza zinapasha chuma haraka; hizi 15 zinaacha joto litulie.

Mwenye oveni ya umeme ana kazi nyepesi, ila asidanganywe na taa kuzimika mara ya kwanza. Kuzimika huko kunaonyesha kwamba hewa iliyo karibu na kihisio imepata joto, lakini kuta bado. Ukifungua mlango sasa hivi, hewa yote ya moto inatoka na kuta hazina akiba ya kuirudisha. Subiri taa izimike, iwake, izimike tena, hata mara ya tatu, ndipo uingize keki. Na jioni umeme unapokuwa mdogo, vumilia zaidi: nguvu ya waya za moto inashuka kwa kasi kuliko umeme wenyewe, kiasi kwamba oveni ya volti 230 ikipata 200 inapoteza karibu robo ya nguvu yake. Itafika, lakini itachelewa.

Sasa sukari. Sukari nyeupe ya kawaida huyeyuka kwenye nyuzi 186 hivi, na hiyo ni bahati kubwa kwa muokaji, kwa sababu kiwango anachokihitaji mara nyingi zaidi kiko chini kidogo tu ya hapo. Kunja kipande cha foili kiwe kisahani kidogo, tia nusu kijiko cha chai cha sukari, uitandaze iwe tabaka jembamba. Oveni ikishatulia, kiweke katikati ya wavu utakaookea, funga mlango, uhesabu dakika 15. Ukikuta sukari nyeupe na kavu kama ilivyoingia, uko chini ya 186. Ukikuta imekuwa maji ya rangi ya asali, umepita, pengine kwa mbali. Unachokitafuta ni pale chembe za pembeni zinapoanza kung'aa na kulowana huku za katikati bado ni chembe. Hapo uko karibu na 185, na ukirudisha swichi nyuma kidogo sana umepata 180 yako.

Mambo mawili yanaweza kukupotosha katika kipimo hiki. La kwanza ni sukari ya kahawia: ina rangi tayari, na inazidi kukolea mapema, hivyo huwezi kuisoma. Tafuta nyeupe hata kama nyumbani hamuitumii. La pili ni kuiacha sukari ileile ndani muda mrefu ukiwa unabadilisha moto. Sukari iliyokaa kwenye joto saa nzima huanza kugeuka rangi na kulegea hata chini ya kiwango chake cha kuyeyuka. Kila ukigusa swichi, weka sukari mpya kwenye foili mpya, na ungoje oveni itulie kwanza.

Sukari inakupa kiwango kimoja tu. Kwa viwango vingine kuna unga wa ngano, kipimo walichokitumia waokaji tangu zamani za oveni za kuni. Tandaza kijiko kimoja cha unga juu ya foili, tabaka jembamba lililo sawa, uingize kwenye oveni iliyotulia kwa dakika tano. Ukitoka na rangi hafifu ya maziwa ya chai, huo ni moto mdogo, kati ya 120 na 160. Ukitoka wa dhahabu ya hudhurungi, ni moto wa wastani, kuanzia 165 hadi 200. Ukitoka hudhurungi iliyokolea, ni moto mkali, 200 hadi 230. Na ukikolea hivyo ndani ya dakika tatu, umepita 230, mahali panapofaa pitsa na mikate michache lakini si keki. Ni makadirio, na unga wa atta hautakusaidia maana una rangi yake. Lakini kwa kutenganisha moto mdogo, wa wastani na mkali, unatosha kabisa.

Hayo matatu ndiyo unayohitaji kuyaweka alama. Maelekezo mengi ya Kiswahili husema hivyohivyo, moto mdogo, wa wastani, mkali, na mwenye kuyaandika huwa anakusudia viwango hivi. Ukikuta maelekezo ya Kimarekani yanasema 350, usihangaike: wenzetu wanapima kwa nyuzi za Farenhaiti, na hiyo ni 177 kwetu, moto wa wastani. Vitabu vya Kiingereza vinavyotaja namba ya gesi, namba 4 ni 180, na kila namba inayofuata huongeza nyuzi 14 hivi, ingawa vitabu huzungusha.

Tukishajua joto, tuje kwenye ngazi, na hapa mpishi wa pwani ana faida. Aliyewahi kuchoma mkate wa kumimina kwa mkaa anajua kwamba mambo yote yako kwenye moto wa juu na moto wa chini: makaa mengi juu ya kifuniko, machache chini, na mkono wa kuyahamisha. Oveni ya gesi ya kawaida imekunyang'anya makaa ya juu. Bomba lenye matundu linawaka chini ya bamba la sakafu. Bamba linapata moto na kulitupia joto kali chochote kilicho juu yake, wakati hewa ya moto inapenya kwenye nafasi za pembeni, inapanda kufuata kuta, inageuka darini na kutokea tundu la nyuma. Kwa hiyo kitako cha keki kinapikwa na bamba, na uso unapikwa na hewa inayozunguka. Kuchagua ngazi ni kuchagua umbali kutoka kwenye bamba.

Anza na hesabu ndogo. Pima kwa rula urefu wa ndani wa oveni, toka bamba hadi dari. Tuseme ni sentimita 30, na chombo chako cha keki kina kimo cha sentimita 8. Keki ikae kati kwa kati, maana yake katikati ya chombo iwe kwenye sentimita 15, basi wavu uwe kwenye 11 hivi. Kwa oveni ya umeme yenye waya juu na chini, hapo ndipo. Kwa oveni ya gesi yenye moto wa chini peke yake, panda ngazi moja, ili mradi uso wa keki ukishapanda usikaribie dari kwa chini ya sentimita nne au tano.

Halafu acha hewa ipite. Trei inayojaza wavu kutoka ukuta hadi ukuta ni kifuniko: joto lote linabaki chini yake, kitako kinateketea na juu hapaivi. Iache nafasi ya sentimita tatu kila upande, hata kama itakubidi kuoka biskuti kwa awamu. Na ile tabia ya kutandika foili sakafuni ili mafuta yasidondokee bamba, iache kabisa kwenye oveni ya gesi. Foili inaziba matundu yanayopitisha hewa, moto haupati hewa ya kutosha, na moto wa namna hiyo hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Ukitaka kukinga matone, weka trei ndogo kwenye wavu wa chini.

Trei hiyohiyo ya chini ina kazi nyingine nzuri zaidi. Ikikaa tupu kwenye ngazi ya kwanza, chini ya chombo cha keki, inakinga mwali wa bamba bila kuzuia hewa ya pembeni. Kwa oveni inayounguza vitako, hii ndiyo dawa ya kwanza kujaribu. Rangi ya chombo nayo ina neno. Chombo cheusi kinanyonya joto kuliko cha alumini kinachong'aa, kwa hiyo keki ileile, kwenye ngazi ileile, itakauka pembeni mapema kwenye cheusi.

Mkate wa slesi ndio unaokuonyesha ramani nzima. Pasha oveni kwa moto wa wastani, panga slesi zifunike wavu wa katikati huku ukiacha nafasi pembeni, funga kwa dakika 8 hadi 10. Zitoe kwa mpangilio uleule, uziweke mezani vilevile zilivyokaa, upige picha kwa simu. Kisha zigeuze zote upande wa pili, upige picha tena. Picha ya kwanza inakuonyesha moto wa juu, ya pili moto wa chini, na pembe yenye weusi zaidi ni ya kukwepa.

Nimeyaona haya yote yakifanyika kwa dada mmoja wa Tanga anayeoka keki za oda, na nitaeleza alivyofanya kwa sababu jiko lake linafanana na mengi. Ni jiko la gesi la upana wa sentimita 50, oveni bila themostati, ndani kimo cha sentimita 30, na ngazi nne zilizo kwenye sentimita 6, 11, 16 na 21. Swichi ikifungwa inaelekea juu. Tuitazame kama uso wa saa, kwa namba zilizoandikwa usoni: imefungwa iko kwenye 12, moto mkubwa uko kwenye 9, na moto mdogo uko kwenye 6. Katikati ya 9 na 6 hakuna alama yoyote.

Aliipasha dakika 10 kwa moto mkubwa, akashusha hadi kati ya 8 na 7, akasubiri dakika 15, akaingiza kisahani cha sukari kwenye ngazi ya pili. Baada ya robo saa sukari yote ilikuwa maji ya kahawia. Kumbe miezi yote aliyokuwa akiweka "katikati" alikuwa juu ya 190, na keki zake zilikuwa zikipasuka uso na kuachia kilima cha katikati, akidhani ni bekingi pauda. Akashusha hadi kwenye 7, akasubiri, akaweka sukari mpya. Mara hii pembeni palilowana na kung'aa, katikati chembe zilisimama. Akasogeza upana wa ukucha kuelekea 6, akarudia: nyeupe, kavu. Aliweka tone la rangi ya kucha nyekundu kwenye bamba la jiko, palepale kati ya hizo mbili za mwisho, na tone jingine kwenye ncha ya swichi ili yakutane. Hiyo ndiyo 180 yake. Unga aliouweka hapo kwa dakika tano ulitoka wa dhahabu, ukathibitisha. Kwenye alama ya moto mkubwa unga ulikolea ndani ya dakika tatu, na kwenye moto mdogo kabisa ulibadilika kwa shida. Akaweka tone la pili kwenye bamba la jiko, mahali unga ulipokolea kwa dakika tano kamili. Hapo ndipo anapookea skonzi na mikate.

Slesi zilieleza lililobaki. Upande wa juu zote zilikuwa zimepauka, na upande wa chini mbili za pembe ya nyuma kushoto zilikuwa nyeusi. Kwa hiyo wavu wa keki ukapanda kutoka ngazi ya pili hadi ya tatu, yaani kutoka sentimita 11 hadi 16, trei tupu ikakaa ngazi ya kwanza, na keki ikawa inageuzwa nusu mzunguko theluthi mbili ya muda ikishapita. Chombo cha sentimita 8 kwenye ngazi ya tatu kinaishia sentimita 24, kwa hiyo zinabaki sita hadi darini.

Keki aliyoijaribia ilikuwa ya kawaida: siagi, sukari na unga gramu 225 kila kimoja, mayai manne, vijiko viwili vya chai vya bekingi pauda, kwenye chombo cha mviringo cha sentimita 20. Kwenye 180 halisi keki hiyo huchukua kati ya dakika 45 na 55. Yake aliigeuza dakika ya 33, na ya 50 kijiti kilitoka kikavu. Uso ulikuwa umesawazika, rangi moja toka pembeni hadi katikati, na kitako cha dhahabu.

Muda huo nao ni kipimo. Ukishakuwa na keki moja unayoijua, itumie kuisoma oveni. Ikipasuka katikati na kujenga kilima, pembeni paliganda mapema mno wakati katikati bado panapanda: joto limezidi, shusha. Ikitoka imepauka, imekauka na imechukua saa nzima na zaidi, joto ni dogo, na unyevu umetoka taratibu kabla uso haujapata rangi. Rangi ya kahawia haiji mpaka uso wenyewe ukauke na kupanda hadi nyuzi 140 na zaidi. Uso mweusi na ndani mbichi maana yake ama moto ni mkali mno ama keki iko karibu na dari. Kitako cheusi na uso mzuri ni suala la ngazi, na hapo usiguse swichi. Panda ngazi moja au weka trei ya kinga. Badilisha kitu kimoja kwa mara moja, la sivyo hutajua kilichosaidia.

Keki iliyobonyea katikati ina sababu nyingi, lakini mojawapo ni mkono wa muokaji kwenye mlango. Kila ukifungua, hewa ya moto inamwagika, na oveni isiyo na themostati haiongezi moto kufidia, inabaki na uleule. Kabla ya theluthi mbili ya muda, chungulia kwa kioo tu, hata kama utahitaji tochi ya simu.

Ukitaka kuoka keki na mikate siku moja ili kuokoa gesi, anza na ya moto wa wastani, kisha panda kwenye mkali. Oveni inapanda upesi kuliko inavyoshuka, na ukianza na mikate utangoja muda mrefu kuta zipoe. Kwa uso unaotaka kukolea zaidi, kama una grili ya juu, iwashe dakika mbili za mwisho ukiwa umesimama hapohapo. Majiko mengi ya gesi hayaruhusu grili na moto wa chini kuwaka pamoja, kwa hiyo kitu kiwe kimeshaiva ndani.

Kipimajoto cha oveni, kile cha kuning'iniza chenye mshale, ni kizuri ukikipata. Kitundike kwenye wavu wa katikati, si mlangoni, ukipe dakika 20 kabla ya kukisoma, na ukithibitishe kwa sukari mara ya kwanza, kwa sababu navyo hukosea.

Alama za rangi ya kucha zitadumu mpaka kitu kibadilike kwenye njia ya gesi. Regyuleta mpya ya mtungi inaweza kuleta msukumo tofauti, na fundi akisafisha au kubadilisha bomba la ndani moto hauwi uleule. Mtungi nao ukikaribia kuisha moto unanywea, na swichi iliyo kwenye alama ya 180 itakupa pungufu. Ukiona moto umefupika kuliko kawaida katikati ya kuoka, ongeza kidogo mara moja bila kufungua mlango, na uwe na mtungi wa akiba kabla ya kuchukua oda inayofuata. Kwa mabadiliko mengine yote, foili moja na nusu kijiko cha sukari kabla ya keki ya kwanza vitakuambia kama alama zihame.